Laptopu imechomekwa lakini haichaji: kosa ni la chaja, tundu au betri?

Ujumbe wa "Plugged in, not charging", ambao kwenye baadhi ya mashine husomeka "Not charging" tu, unakwambia jambo moja kubwa kabla hujagusa chochote: umeme umefika. Laptopu imeona kwamba kuna chaja. Kilichokataliwa ni kuupeleka umeme huo kwenye betri. Ndani ya mashine umeme wa chaja una njia mbili. Njia ya kwanza inaendesha mashine yenyewe, na ya pili inapita kwenye saketi ya kuchaji. Saketi hiyo haifungui mpaka iridhike kwamba chaja inafahamika na ina nguvu ya kutosha, betri inajibu ikiulizwa, na joto la betri liko salama.

Kwa hiyo chaja iliyokufa kabisa haileti ujumbe huu. Ikifa, laptopu haioni kitu na alama ya plagi haitokei. Hapa tunashughulika na chaja inayofanya kazi nusu, au tundu linalopitisha umeme lakini halipitishi taarifa, au betri iliyokataa, au mashine iliyoamriwa isichaji. Hapa Mbeya kosa ninaloliona tena na tena ni mtu kununua betri mpya kwanza, kwa kuwa ujumbe unaitaja betri, halafu akirudi nyumbani anakuta asilimia ziko palepale.

Vipimo vya dakika tano, kwa dalili yoyote

Chomoa chaja ukutani, chomeka soketi nyingine moja kwa moja bila kipanuzi. Kagua waya mfupi unaotoka ukutani kwenda kwenye adapta, kwa sababu ule unaochomoka hulegea. Kisha zima laptopu kabisa, chomoa chaja, toa betri kama inatoka kwa nje, na bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30 hivi bila kuachia. Rudisha betri, chomeka chaja, washa. Hatua hii humaliza umeme uliobaki kwenye bodi na kulazimisha kidhibiti cha kuchaji kianze upya. Mara nyingine inatosha, hasa baada ya umeme kukatika na kurudi kwa kishindo.

Kuhusu umeme hafifu wa jioni: adapta nyingi za laptopu zimeandikwa zinapokea volti 100 hadi 240, kwa hiyo taa za nyumbani kufifia si lazima kuzuie laptopu kuchaji. Umeme unaporudi ghafla ndio wenye madhara zaidi, na ni vizuri kuchomoa chaja unapokatika na kusubiri dakika chache baada ya kurudi.

Dalili: asilimia zimesimama kwenye 60 au 80 kila siku

Huu si ugonjwa. Lenovo, HP, Dell na ASUS wote wana mipangilio ya kulinda betri isijazwe mpaka mwisho, na kiwango cha kusimama hutegemea toleo. Tafuta programu ya kampuni iliyotengeneza laptopu, kisha sehemu ya betri. Kwenye Lenovo nyingi inaitwa "Conservation Mode". Kwenye HP tafuta "Battery Health Manager" ndani ya BIOS, yaani kurasa za mipangilio ya mashine zinazofunguka kabla ya Windows. Mashine zilizotumika ofisini na kuuzwa tena, ambazo ni nyingi madukani Mwanjelwa na Miomboni, huja na mipangilio hiyo tayari imewekwa na mwenye mashine wa kwanza. Kama unaishi mahali umeme ni wa uhakika, iache ilivyo, betri itadumu zaidi.

Dalili: mashine inafanya kazi vizuri siku nzima kwenye chaja, lakini asilimia hazipandi hata moja

Hii ndiyo dalili inayopoteza fedha za watu wengi, kwa hiyo nitakaa nayo.

Tazama kichwa cha chaja yako. Kama ni cha duara na katikati kina sindano nyembamba, kama chaja nyingi za Dell na HP, basi sindano hiyo haipitishi umeme wa kuendesha mashine. Umeme uko kwenye kuta za bomba: ukuta wa ndani ni chanya, wa nje ni hasi. Sindano hupeleka utambulisho wa chaja, yaani "mimi ni ya wati 65" au 90. Kile kichwa cha Lenovo cha mstatili chenye rangi ya njano ndani nacho kina sindano ya kazi hiyohiyo. Utambulisho usipofika, laptopu inakubali umeme wa kujiendesha lakini inakataa kuchaji, na mara nyingi inapunguza mwendo wake. Inafanya hivyo kwa tahadhari, kwa sababu haijui adapta inaweza kubeba mzigo gani.

Matokeo yake ni kwamba mita ya kupimia volti haitoshi kuthibitisha kwamba chaja ni nzima. Ukipima ukapata volti 19.5, umejua waya nene mbili ni nzima. Ule wa tatu, mwembamba, wa utambulisho, hujaugusa.

Sababu, kuanzia ile ninayoikuta zaidi:

1. Waya wa utambulisho umekatika ndani ya kebo, karibu na kichwa au pale kebo inapotoka kwenye adapta. Hutokana na kuizungushia kebo adapta kwa kuibana.
2. Chaja si ya aina yake. Ya kuiga inaweza kutoa volti sahihi na isitoe utambulisho.
3. Sindano imepinda au imevunjika. Ikigusa ukuta wa bomba, volti 19 zinaingia kwenye njia ya taarifa na zinaweza kuiunguza hata upande wa mazabodi.
4. Tundu la laptopu limelegea au limeungua kwenye mguso wa katikati.
5. Saketi ya utambulisho kwenye mazabodi imekufa.

Namna ya kujua ni ipi haihitaji vifaa. Zima mashine, chomeka chaja, washa huku ukibonyeza F2 mfululizo kama ni Dell, F10 kama ni HP, ili uingie BIOS. Kwenye Dell tafuta ukurasa wa habari za betri. Hapo huonyeshwa betri na chaja iliyotambuliwa. Ikisomeka wati, mfano "65 W", utambulisho umefika. Ikisomeka "Unknown", haujafika. Dell nyingi pia hutoa onyo wakati wa kuwaka, lenye maneno "cannot be determined" kuhusu chaja, na watu hubonyeza kuendelea bila kulisoma.

Kisha azima chaja ya aina ileile ambayo unajua inachaji laptopu nyingine. Jaribu pande zote mbili: chaja ya mwenzako kwenye laptopu yako, na chaja yako kwenye laptopu ya mwenzako. Ukiishia upande mmoja bado utakuwa unakisia.

Mfano mmoja ulioletwa mezani kwangu. Mwalimu wa sekondari kutoka upande wa Tukuyu alikuja na laptopu iliyoganda kwenye asilimia 34. Alikuwa amekwisha kununua betri mpya, na mtu mwingine alikuwa amemwambia mazabodi imeharibika. Chaja yake ilipimwa, ikatoa volti 19.5 bila kuyumba. Tukaingia BIOS: betri inaonekana, afya yake nzuri, chaja "Unknown". Hapo betri ilikuwa imeondoka kwenye orodha ya watuhumiwa. Tukachomeka chaja nyingine ya aina ileile, tukawasha upya, ikasoma "65 W", na baada ya dakika kumi asilimia zilikuwa zimepanda. Maana yake tundu ni zima na mazabodi ni nzima. Chaja yake tukaiweka kwenye laptopu nyingine ya aina hiyo, nayo ikakataa kuchaji.

Nikamwambia, "Mwalimu, betri yako ya zamani usiitupe, inawezekana haikuwa na kosa." Kebo yake ilikuwa na alama ya kupinda sentimita chache kutoka kwenye kichwa. Tukaikata kebo nyuma ya alama hiyo, chaja ikiwa imechomolewa ukutani, na tukaunganisha kebo mpya yenye kichwa: waya wa nje wa nyuzi kwa hasi, wa katikati mnene kwa chanya, mwembamba kwa utambulisho. Betri ya zamani tukairudisha na kuipima, ilikuwa bado inafaa.

Kama chaja ya kuazima nayo ingesoma "Unknown", mshale ungegeukia tundu. Na hapo kuna bahati inayotegemea aina ya mashine: kwenye laptopu nyingi tundu la chaja lina kebo yake fupi yenye kiunganishi, unafungua, unachomoa, unaweka jingine bila kulehemu. Kwenye nyingine limelehemiwa moja kwa moja kwenye mazabodi. Muulize fundi ni aina ipi kabla hamjakubaliana bei, maana kazi hizi mbili hazilingani.

Tahadhari ya kupima kwa mita: weka mita kwenye volti za DC, kipimo cha 200, kwa kuwa chaja ya volti 20 inaweza kupita kipimo cha 20 na mita ikaonyesha haisomi. Ncha nyekundu iguse ukuta wa ndani, nyeusi ukuta wa nje. Ncha isiunganishe sindano na ukuta. Ukiteleza hapo unaweza kuiua chaja iliyokuwa nzima. Kama mkono wako hautulii, acha mita, kipimo cha kuazima chaja kinakupa jibu bora zaidi.

Dalili: inachaji ukishika waya kwa pembe fulani tu

Hapa mtuhumiwa ni kebo au tundu, na unaweza kuwatenganisha kwa vidole. Chomeka chaja, kisha shika kichwa imara kisisogee kabisa ndani ya tundu, na kwa mkono mwingine pindapinda kebo kuanzia karibu na kichwa kuelekea kwenye adapta. Alama ya kuchaji ikiwaka na kuzima, kebo imekatika ndani. Sasa fanya kinyume: acha kebo ikilala mezani, tikisa kichwa taratibu juu na chini. Ikizima hapo, tundu limelegea au risasi iliyolehemu miguu yake imepasuka.

Angalia pia ndani ya tundu kwa tochi. Vumbi jekundu la kiangazi na nyuzi za begi hujaa humo, hasa kwenye tundu la USB-C. Zima mashine, chomoa chaja, toa uchafu kwa kijiti cha meno kikavu cha mbao. Usitumie sindano wala pini.

Tundu lililolegea lisizoeleke. Mguso hafifu huzalisha joto, na joto huyeyusha plastiki kisha huunguza bodi. Ukiona kichwa cha chaja kinachoma kidole au kuna rangi ya kahawia kwenye plastiki, chomoa ukutani na usichomeke tena mpaka tundu libadilishwe.

Dalili: inachaji ikiwa imezimwa, lakini ikiwashwa asilimia zinasimama au zinashuka

Karibu kila mara chaja ni ndogo kuliko laptopu. Soma lebo ya adapta kwenye mstari wa "OUTPUT" na uzidishe volti kwa ampea. Volti 19.5 kwa ampea 2.31 ni wati 45. Volti 20 kwa 3.25 ni 65. Kama laptopu ilikuja na chaja ya wati 90 na wewe unatumia ya 45, mashine inakula yote na betri haibakiziwi kitu. Volti lazima zifanane na zilizoandikwa chini ya laptopu, lakini wati kuzidi si kosa, kwa sababu mashine huvuta inachohitaji tu.

Kwa laptopu za USB-C kosa hili ni jepesi zaidi kutokea, kwa kuwa chaja ya simu inaingia vizuri. Chaja nyingi za simu hutoa volti 5 au 9, wakati laptopu nyingi zinataka 20. Kebo nayo ina ukomo wake, na ile iliyokuja na simu huenda haibebi mzigo huo. Tena si kila tundu la USB-C hupokea chaji: kwenye mashine yenye mawili, jaribu lile lenye alama ya umeme au plagi pembeni yake.

Dalili: iko asilimia 0, na ukichomoa chaja inazima papo hapo

Sasa ndiyo zamu ya betri. Kama bado inaonekana kwenye mashine, iombe taarifa yake. Fungua dirisha la amri la Windows, yaani Command Prompt, na uandike:

```
powercfg /batteryreport
```

Itakuonyesha mahali ilipohifadhi faili iitwayo battery-report.html. Ifungue na ulinganishe mistari miwili: "DESIGN CAPACITY", uwezo wa betri ikiwa mpya, na "FULL CHARGE CAPACITY", uwezo wake leo. Tuseme ya kwanza ni 42,000 mWh na ya pili ni 35,700 mWh. Imebaki na asilimia 85, ni nzima, tafuta kosa kwingine. Ikisoma 12,600, imebaki na asilimia 30, na hapo ndipo betri hukata ghafla au hukataa kuchaji.

Betri ikiwa imeingizwa lakini haionekani kabisa kwenye BIOS, ama kiunganishi kimelegea ama saketi iliyo ndani ya betri imejifunga. Hili hutokea kwa laptopu zilizokaa kabatini miezi mingi zikiwa tupu. Seli za lithiamu zikishuka chini sana, saketi ya ulinzi hukata. Iache kwenye chaja yake sahihi saa moja au mbili, baadhi huamka kwa chaji ndogo ya mwanzo. Zisipoamka, usikubali mtu "aziamshe" kwa kuunganisha waya wa umeme moja kwa moja kwenye seli. Seli iliyoshuka hivyo inaweza kuwa na hitilafu ndani, na kuisukumia umeme bila ulinzi kunaweza kuiwasha moto.

Betri mpya nayo ikikataa, linganisha volti na namba ya aina kwenye lebo na ile ya zamani, maana betri ya 7.6 haitumiki mahali pa 11.4. Nyingine za kuiga haziongei vizuri na mashine, na mashine haichaji betri isiyojibu. Omba uijaribu dukani kwa dakika kumi kabla hujalipa.

Kuna ushauri unaozunguka wa kufuta "Microsoft ACPI-Compliant Control Method Battery" kwenye orodha ya vifaa vya Windows, yaani Device Manager, na kuwasha upya. Hauna madhara, na unaweza kuujaribu ikiwa BIOS inaonyesha kila kitu kiko sawa lakini Windows inasema haichaji. Kama BIOS nayo inalalamika, usipoteze muda hapo.

Dalili: asubuhi ya baridi haichaji, mchana inachaji

Wasomaji wa Makete, Njombe na Uyole watanielewa. Betri ya lithiamu haifai kuchajiwa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, na mashine hupunguza au kusimamisha chaji inapokaribia huko. Laptopu iliyolala kwenye gari mwezi wa Juni au Julai, kipindi cha jalidi Kitulo, itakataa kwa haki. Iweke ndani ya chumba saa moja au zaidi, na umande ukauke kabla hujaiwasha. Usiisogeze kwenye jiko la mkaa.

Kinyume chake pia hutokea msimu huohuo: mtu anafanyia kazi kitandani, laptopu imezama kwenye blanketi, matundu ya hewa yameziba. Betri ikipata joto kupita kiasi, kuchaji kunasimama. Iweke mezani, isubiri ipoe, uone kama asilimia zinapanda.

Acha hapo, mwite fundi

Betri ikivimba, simama mara moja. Utaijua kwa sehemu ya kugusa kipanya kunyanyuka, vitufe kubonyea vibaya, au mfuniko wa chini kuachia pembeni. Zima, chomoa, usiibonyeze, usiitoboe, na usiichaji tena. Harufu tamu ya kemikali au ya kuungua ni sababu ileile ya kuacha.

Usifungue adapta. Ndani kuna kapasita inayobeba zaidi ya volti 300, na inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa ukutani. Kukata kebo upande wa kichwa na kuibadilisha ni kazi ya fundi ajuaye waya hizo tatu, kwa sababu ukizikosea unaunguza mazabodi.

Na kama chaja iliyothibitishwa inasoma wati zake BIOS, betri inaonekana na ni nzima, joto ni la kawaida, hakuna mpangilio wa kuzuia, na bado haichaji, kilichobaki ni saketi ya kuchaji kwenye mazabodi. Hiyo inahitaji fundi mwenye hadubini na kituo cha joto cha kulehemu. Mpelekee mashine pamoja na chaja yake, na mwambie BIOS ilisoma nini ulipojaribu chaja zote mbili.